Picha Inayosomwa Kutoka Kulia

Kampeni ya chanjo ya surua na rubela iliyofanyika Tanzania kuanzia Februari 15 hadi 18, 2024, iliwalenga watoto wenye umri wa miezi 9 hadi 59. Walitakiwa kuletwa waliochanjwa na wasiochanjwa. Mtoto ambaye kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba alishachomwa sindano ya miezi 9 na ile ya miezi 18 naye alitakiwa kuja kuchomwa tena. Hapo ndipo ugumu wa kueleza kampeni ya namna hii unapoanzia. Mama aliyekosa kliniki anajua kwamba anadaiwa. Mama ambaye hakukosa hata siku moja ndiye anayeuliza kwa nini arudi, na swali lake ni la haki.

Tuichukue kata ya Nyangamara, katika Halmashauri ya Mtama mkoani Lindi. Februari huko ni mwezi wa mvua na palizi. Mama anatoka shamba akiwa na mtoto mgongoni, au anamwachia bibi amlete. Wanaofika wanakaa kwenye benchi kusubiri mizani, na muuguzi ana dakika chache za kutoa elimu ya afya kabla kazi haijaanza. Benchi hilo lina waliomaliza kidato cha nne, lina walioishia darasa la tatu, na lina mabibi waliosoma Kurani chuoni bila kukanyaga shule. Kiswahili wote wanakisikia. Kukisoma ukutani kwa herufi ndogo ni jambo jingine. Ndiyo maana picha inatafutwa.

Lakini picha haijieleweshi yenyewe. Mwaka 1976 UNICEF ilichapisha matokeo ya utafiti wa Diana Fussell na Ane Haaland kuhusu namna wanavijiji wa Nepal walivyozisoma picha. Mambo mawili waliyoyaona yanafaa kukumbukwa na kila anayechora bango la kliniki. La kwanza, picha ya kamera iliyoondolewa mandhari ya nyuma ilitambuliwa vizuri kuliko ileile ikiwa na miti, nyumba na watu wengine nyuma yake. La pili, watu walizitaja vizuri picha za vitu wanavyovijua, ila hawakuzichukulia picha kadhaa zilizopangwa mstari mmoja kuwa hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Kusoma picha kwa mfululizo ni jambo la kufundishwa, kama kusoma herufi.

Kwenye pwani ya Lindi jambo hilo la pili lina uzito wa pekee. Bango la kawaida la chanjo huwa na picha tatu zilizopangwa kwa upana: kushoto mtoto mgonjwa, katikati muuguzi na sindano, kulia mtoto mwenye afya anacheka. Mchoraji amefundishwa shuleni kusoma kutoka kushoto, kwa hiyo kwake maana ni moja tu. Sasa mweke mbele ya bango hilo bibi ambaye maandishi pekee aliyowahi kuyasoma ni ya Kiarabu, yanayoanzia kulia. Akilisoma kwa mazoea yake, atamwona mtoto anayecheka, kisha sindano, kisha mtoto mwenye homa aliyelala. Hakuna alichokosea. Amesoma sawasawa kama alivyofundishwa, na bango limemwambia kwamba sindano inamfanya mtoto mzima augue.

Kosa hili ni baya kuliko picha isiyoeleweka. Picha isiyoeleweka humwacha mtu akiuliza, na muuguzi yupo wa kumjibu. Picha iliyoeleweka kinyume haiulizwi, kwa sababu aliyeisoma anaona tayari ana jibu. Na jibu hilo linaweza kuthibitishwa na yatakayotokea nyumbani, maana chanjo ya surua kweli humpa homa mtoto mmoja mmoja wiki moja au zaidi baada ya sindano. Bibi atasema aliliona hilo ukutani mapema, na kijiji hakitakuwa na sababu ya kutomwamini.

Dawa yake ni nyepesi. Picha zinazofuatana zipangwe kutoka juu kwenda chini, kwa sababu Kiarabu na Kiswahili vyote viwili husomwa hivyo. Njia iliyo salama zaidi ni kuweka picha moja tu ukutani, na mfululizo uhamishiwe kwenye bangokitita, ambalo muuguzi hulifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine huku akisema. Hapo mkono wake ndio unaoamua kipi kinatangulia.

Mtoto mgonjwa naye aondolewe ukutani. Sababu ya kwanza ni hiyo ya kusomwa kinyume. Sababu ya pili ni kwamba wachoraji wengi humchora vibaya. Surua huonyeshwa kwa madoa mekundu yaliyotapakaa usoni, mchoro uliozaliwa kwenye vitabu vya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya mtoto wa Nyangamara upele wa surua mara nyingi hauonekani mwekundu. Unaonekana mweusi kuliko ngozi yenyewe, au unaonekana kama ngozi inayokwaruza, na wakati mwingine unahisiwa kwa kiganja kabla haujaonekana kwa jicho. Kinachoonekana wazi ni macho mekundu, kamasi, kikohozi na homa kali inayotangulia upele kwa siku kadhaa. Upele wenyewe huanzia nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini. Mama aliyefundishwa kutafuta madoa mekundu anaweza kukaa na mtoto mwenye surua akidhani ni mafua. Mafunzo ya dalili yawe na ukurasa wake kwenye bangokitita, na ukurasa huo uchorwe kwa kuangalia ngozi za watoto wa hapa.

Ukutani basi kibaki nini? Kibaki kile tu ambacho mzazi anakihitaji ili aamue kuleta mtoto. Anahitaji kujua kama mtoto wake anahusika, atafanyiwa nini, na aje lini na wapi. Sababu za kisayansi, majina ya vijidudu, na nembo za wafadhili havimsaidii kuamua. Rubela yenyewe, ambayo hatari yake kubwa ni kwa mimba, inatosha kutajwa kwenye jina la chanjo. Maelezo yake yasubiri mdomo wa muuguzi.

Kwa lile la atafanyiwa nini, achorwe mama ameketi, mtoto mapajani, na muuguzi anamchoma mtoto kwenye mkono wa kushoto, juu karibu na bega. Wachorwe wazima. Mkono peke yake ukiwa umekatwa kwenye ukingo wa karatasi unaweza kusomwa kama mkono uliokatika. Mama avae khanga au dera na mtandio, kama wanavyovaa wanaokaa kwenye benchi lile, na nyuma yao pabaki peupe. Sindano ichorwe kwa kipimo chake halisi ikilinganishwa na mkono wa muuguzi. Bomba la dozi ya nusu mililita ni dogo, na mchoraji anayelikuza ili lionekane anachora kitu cha kumtisha mama.

Mkono wa mtoto unaochomwa uonekane vizuri kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2022, baada ya polio kuonekana Malawi mwezi Februari na Msumbiji mwezi Mei, Tanzania ilifanya kampeni za polio mara kadhaa mwaka huohuo, wachanjaji wakipita nyumba kwa nyumba na kuwadondoshea watoto matone mdomoni. Mzazi anayekumbuka matone yale anaweza kusema kwa nia njema kwamba mtoto wake amekwisha chanjwa kwenye kampeni. Hadanganyi. Chanjo anayoisema ni nyingine. Neno "chanjo" peke yake halimwonyeshi tofauti, lakini sindano mkononi inamwonyesha, na muuguzi akigusa bega la mtoto kisha akagusa midomo yake, amemaliza maelezo bila hotuba.

Umri ndio mgumu kuuchora. Wataalamu huandika "miezi 9 hadi 59" kwa sababu vitabu vyao vinahesabu hivyo, lakini hakuna mama anayemhesabia mtoto wake miezi 59. Iandikwe "miezi 9 hadi chini ya miaka 5". Kwa picha, mpaka wa chini unaweza kuonyeshwa na mtoto anayekaa mwenyewe mkekani bila kuegemezwa na anayejaribu kutambaa. Alama hii haitoshi, kwa kuwa wapo wanaokaa na kutambaa mapema, kwa hiyo kadi au tarehe ya kuzaliwa ndiyo iamue mlangoni. Mpaka wa juu ni mtoto ambaye hajafika umri wa darasa la awali. Wapo watakaopendekeza ile alama ya zamani ya mtoto kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, iliyotumiwa na walimu kuandikisha darasa la kwanza. Haifai hapa. Mtoto huweza kuligusa sikio hilo akiwa amevuka miaka mitano, kwa hiyo alama hiyo italeta foleni ya wasiolengwa, na dozi zilizohesabiwa kwa kata zitaisha kabla ya zamu ya wanaolengwa.

Kuhusu muda, uso wa saa ya mshale unasaidia. Mshale mfupi ukiwa kwenye nane na mrefu kwenye kumi na mbili, msomaji wa Kiswahili anasema saa mbili bila kusita. Ukimwandikia "8:00" unampa kazi ya kubadilisha, na wapo watakaofika saa nane mchana. Siku zitajwe kwa majina. Tarehe 15 hadi 18 Februari 2024 ilikuwa Alhamisi hadi Jumapili, na majina hayo yana faida yake, kwa kuwa kila mtu anajua Ijumaa yake au Jumapili yake ameifunga kwa ibada, hivyo anapanga siku nyingine.

Maneno ya bango zima yanaweza kuwa haya: "Chanjo ya surua na rubela. Miezi 9 hadi chini ya miaka 5. Hata aliyechanjwa alete tena mkono. Alhamisi hadi Jumapili, saa 2 asubuhi, kliniki. Njoo na kadi. Ikipotea, mlete tu." Sentensi ya mwisho isiachwe. Bango linalosema "njoo na kadi" na kunyamaza linamrudisha nyumbani mama ambaye kadi imeloa au imeungua, na mara nyingi huyo ndiye mwenye mtoto aliyekosa chanjo.

Limebaki swali la yule mama ambaye hakukosa kliniki. Hili halijibiki kwa picha moja ukutani, lakini linajibika kwa ukurasa mmoja wa bangokitita na sentensi sita za muuguzi. Chanjo ya surua ikitolewa mtoto akiwa na miezi 9, huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100. Hesabu ya asilimia inapotea hewani, lakini 85 katika 100 ni karibu sana na sita katika saba. Basi wachorwe watoto saba wamesimama mstari mmoja, wa kimo kimoja, nguo mbalimbali, wote wenye afya. Muuguzi aseme: "Hawa saba wote walichomwa ya miezi tisa. Sita imewashika. Mmoja haikumshika. Nionyesheni ni yupi."

Watautazama ukurasa na hawatamwona, kwa sababu hakuna alama. Hapo muuguzi amalizie: "Na mimi simjui. Kwa hiyo tunawachoma wote tena, yule mmoja apate, na wale sita haiwadhuru." Maelezo hayo ni kweli kitaalamu. Mtoto ambaye mwili wake umeshajifunza kuijua surua huiua chanjo hiyo mpya mara moja, na hapati madhara kwa kuchomwa mara ya pili au ya tatu. Muhimu ni kwamba mchoraji asimtofautishe yule wa saba kwa rangi au kwa uso wa huzuni. Akimtofautisha ameua maana yote, kwa sababu nguvu ya ukurasa iko katika kutoonekana kwake.

Muuguzi mwenye dakika mbili zaidi anaweza kuongeza kwa nini kampeni hizi hurudi kila baada ya miaka michache, kama ilivyokuwa Tanzania mwaka 2014, 2019 na 2024. Tuseme kata ina watoto 140 wanaozaliwa kwa mwaka, na wote wanachomwa ya miezi 9 bila kukosa. Mmoja katika saba ni watoto 20. Kama dozi ya miezi 18 haikuwafikia, baada ya miaka mitano wapo watoto 100 wasio na kinga katika kata ambayo kila kadi ina alama ya chanjo. Surua ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua, na ili isienee wanahitajika watoto 95 wenye kinga katika kila 100. Dozi ya miezi 18 ipo kwa sababu hiyo, na kampeni huja kuwafikia wale ambao dozi hiyo imewakosa.

Jambo lingine la kusema kwa mdomo ni yatakayofuata. Mkono unaweza kuuma siku ile. Baada ya siku saba hadi kumi na mbili baadhi ya watoto hupata homa, na wachache hupata upele mwepesi unaoondoka wenyewe. Mama aliyeambiwa mapema anaitambua homa hiyo ikija. Ambaye hakuambiwa anaona amedanganywa, na mwaka ujao haji. Aambiwe pia kwamba homa ikiwa kali au mtoto akikataa kunyonya na kula, amrudishe kliniki bila kusubiri, na kwamba baada ya sindano akae robo saa kwenye benchi, kwa sababu mzio mkali, ambao ni nadra sana, mara nyingi huanza ndani ya muda huo na muuguzi ana dawa yake mkononi.

Sasa tutajuaje kama picha hizi zinasema tunachotaka ziseme? Hatutajua kwa kumuuliza mama kama ameelewa. Benchi zima litajibu "ndiyo" kwa heshima ya muuguzi. Mchoro wa penseli upelekwe kliniki kabla ya kuchapwa, maneno yafunikwe kwa karatasi, na aulizwe mtu mmoja mmoja, pembeni, asikoweza kusikia jibu la mwenzake. "Shikamoo bibi. Hapa unaona nini? Huyu anafanya nini? Hii inatwambia tufanye nini?" Jibu liandikwe kama lilivyotamkwa, bila kulirekebisha. Wawepo mabibi na kina baba, maana hao pia hupeleka watoto au huwazuia.

Kiwango cha Marekani cha alama za usalama kinataka angalau asilimia 85 ya waulizwaji watoe jibu sahihi, na wasizidi asilimia 5 watakaoielewa kinyume. Kwa watu 20, ambao ni asubuhi moja ya kliniki, hiyo ni watu 17 waliopatia na asiyezidi mmoja aliyepindua. Hesabu ya pili ndiyo ya kutazama kwanza. Wakiwa 18 wamepatia na wawili wamesema mtoto ameugua kwa sababu ya sindano, mchoro huo umeshindwa na urudi mezani, hata kama unawapendeza waliouagiza. Afrika Kusini, watafiti Ros Dowse na Martina Ehlers walilinganisha alama za dawa zilizotoka Marekani na zile walizozichora upya kwa kuwasikiliza wasomaji wa Kixhosa, na zilizochorwa upya zilieleweka vizuri zaidi. Tofauti ilitoka kwenye kuuliza na kurekebisha.

Baada ya chanjo lipo swali moja la kumuuliza mama akiwa anafunga khanga yake aondoke: "Ukifika nyumbani, baba yake akikuuliza mtoto kachomwa nini na kwa nini, utamwambiaje?" Akijibu kwamba ni ya surua, ya kumpata yule ambaye ya kwanza haikumshika, kazi ya asubuhi imefanyika. Akisema "sijui, wameniambia tu nimlete", muuguzi ajue kwamba mtoto amekingwa lakini maelezo hayakuvuka mlango, na baba huyo huenda akakataa safari ijayo.

Picha zina mpaka. Haziwezi kujibu uvumi kwamba chanjo inapunguza uzazi, wala zisijaribu, kwa sababu kuuchora uvumi ni kuupeleka kwa ambaye hakuwa ameusikia. Uvumi ujibiwe na mtu anayeaminika pale pale: muuguzi aliyechanja wanawe mwenyewe, mhudumu wa afya wa kijiji, imamu, padri, mwenyekiti wa kitongoji. Wala hakuna bango linaloziba pengo la chanjo kuchelewa kufika au mama kuambiwa arudi kesho kwa kuwa watoto hawajatimia kumi wa kufunguliwa kichupa. Kichupa cha dozi kumi kikishachanganywa hudumu saa sita tu, na muuguzi huogopa kupoteza dozi tisa. Katika siku za kampeni hofu hiyo iwekwe kando. Mama aliyerudishwa na kichupa kisichofunguliwa hatarudishwa kliniki na picha.

Kwa ninyi mnaoandaa kampeni ijayo, Dodoma au Lindi: kabla hamjatuma faili kwa mpiga chapa, tengeni asubuhi moja na watu ishirini kwenye benchi la kliniki kama ya Nyangamara. Funikeni maneno, ulizeni, andikeni majibu yao yalivyo. Na kama hata wawili kati yao wataisoma picha kinyume, msiichape.